Soseji, Lanchoni au Konibifu: Ni Ipi Iliyo na Nyama Zaidi?

Ukisimama mbele ya rafu za duka kubwa lolote mjini, utaona vyakula vitatu ambavyo wengi wetu huviweka katika fungu moja na kuviita "nyama ya dukani." Cha kwanza ni soseji ndefu nyembamba za hotidogi, ndugu zao smoki wanaouzwa kando ya barabara wakiwa wamepasuliwa na kujazwa kachumbari. Cha pili ni lanchoni, ile nyama ya rangi ya waridi ambayo hukatwa vipande kama mkate na kukaangwa asubuhi. Cha tatu ni konibifu, ile nyama nyekundu ya ng'ombe iliyo katika mkebe wa pembe nne, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili.

Watu huchagua mojawapo kwa kuangalia bei, au kwa sababu watoto wanaipenda. Lakini ukiyasoma maandishi madogo yaliyo kwenye pakiti, utagundua kwamba vyakula hivi vitatu vinatofautiana sana. Kimoja ni nyama hasa iliyotiwa chumvi. Viwili vingine ni mchanganyiko wa nyama, mafuta, maji na vitu vya kushikanisha. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mfuko wako, na ni muhimu zaidi ikiwa nyumbani kwako kuna mtu mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo.

Leo tutavichambua kimoja kimoja, kisha tutakuonyesha hesabu rahisi ya kukuwezesha kujua kiasi cha nyama unachonunua.

HOTIDOGI HUTENGENEZWAJE?

Hotidogi huanza na vipande vya nyama vinavyobaki baada ya kukata nyama ya kuuzwa, pamoja na mafuta. Nyama hiyo inaweza kuwa ya ng'ombe, nguruwe, kuku au mchanganyiko wake. Husagwa katika beseni kubwa lenye visu vinavyozunguka kwa kasi, huku chumvi na barafu vikiongezwa.

Barafu ina kazi mbili. Inaongeza maji katika soseji, na pia inazuia mchanganyiko usipate joto kutokana na mzunguko wa visu. Chumvi nayo huivuta protini itoke katika nyuzi za nyama. Protini hiyo inayonata huzingira chembe ndogo za mafuta na kuzishika, hata vyote viwe uji mmoja laini. Uji huo ukipata joto mapema, mafuta hujitenga na soseji huharibika. Ndiyo maana ukiikata hotidogi katikati huoni uzi wala kipande cha nyama, bali kitu kimoja laini kama keki.

Baadaye uji hujazwa katika ngozi nyembamba, hupitishwa kwenye moshi na joto hadi uive, kisha hupozwa. Kwa hiyo hotidogi unayonunua tayari imepikwa kiwandani. Hata hivyo, ipashe moto hadi itoe mvuke mpaka ndani kabla ya kuila, kwa kuwa vijidudu vinaweza kuiingia baada ya kupikwa, wakati wa kufungwa au kukatwa. Mwaka 2017 na 2018 nchini Afrika Kusini, watu zaidi ya 200 walifariki kwa ugonjwa wa listeria uliotokana na poloni, nyama iliyo tayari kuliwa inayotengenezwa kwa njia inayokaribiana na hii.

Nchini Marekani, ambako hotidogi ina umaarufu mkubwa kuliko kwingineko, kanuni za serikali haziruhusu mafuta yazidi asilimia 30 ya soseji iliyo tayari. Mafuta pamoja na maji yaliyoongezwa hayaruhusiwi kupita asilimia 40. Hebu zitazame tarakimu hizo kutoka upande wa pili: sheria yenyewe inakubali kwamba soseji nzuri kabisa inaweza kuwa mafuta na maji ya kuongezwa kwa sehemu mbili katika kila tano.

Soseji za bei nafuu mara nyingi huwa na nyama iliyokamuliwa kwa mashine. Baada ya minofu ya kuku kuondolewa, mifupa iliyobaki hushindiliwa kwenye chujio, na kile kidogo kilichokwamia hutoka kama rojo. Si sumu, na ni chakula. Lakini si minofu, na ikiwa imetajwa ya kwanza kwenye pakiti, jua kwamba ndiyo iliyo nyingi kuliko kitu kingine chochote humo.

LANCHONI: HUIVA NDANI YA MKEBE

Lanchoni iliyojulikana zaidi duniani ni Spam, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Hormel ya Marekani mwaka 1937. Orodha ya vitu vyake ni fupi: nyama ya nguruwe, chumvi, maji, wanga wa viazi, sukari na naitraiti ya sodiamu. Lanchoni nyingine hutengenezwa kwa nyama ya ng'ombe au kuku, na za bei ya chini huongezwa unga wa soya na wanga zaidi. Msomaji asiyekula nguruwe kwa sababu ya dini asitosheke na picha iliyo juu ya mkebe. Asome orodha yote.

Nyama ya lanchoni husagwa, huchanganywa na viungo, kisha hujazwa mkebeni ikiwa mbichi. Mkebe hufungwa na nyama huivia humo humo. Kwa kuwa mkebe umekwisha fungwa, maji na mafuta yanayotoka nyama inapoiva hayana pa kwenda. Kazi ya wanga ni kuyanyonya maji hayo yasije yakaonekana kama jeli unapofungua.

Lishike jambo hili, msomaji, kwa sababu ndilo linalotenganisha lanchoni na konibifu. Katika lanchoni, mafuta na maji yote yaliyoingia mkebeni ndiyo utakayoyala.

KONIBIFU: HUPIKWA KABLA YA KUINGIA MKEBENI

Watu wengi hudhani jina la konibifu linahusu mahindi. La. Zamani neno hilo la Kiingereza lilimaanisha punje yoyote, na hapa punje zinazotajwa ni punje nene za chumvi zilizotumiwa kuhifadhi nyama ya ng'ombe. Kwetu Kenya, konibifu imetengenezwa kwa miaka mingi na Tume ya Nyama ya Kenya huko Athi River.

Nyama ya ng'ombe hukatwa vipande na kuchemshwa kwanza. Katika kuchemka hupoteza maji mengi na sehemu ya mafuta yake, navyo huondolewa. Kisha nyama iliyopungua uzito huchambuliwa, hukatwakatwa, hutiwa chumvi, sukari kidogo na naitraiti, hushindiliwa mkebeni, na mkebe hupikwa tena katika jiko la mvuke wenye shinikizo, kwa joto lipitalo lile la maji yanayochemka. Umbo la mkebe, mpana upande mmoja, ni la kuiwezesha nyama kuteleza na kutoka ikiwa nzima.

Kwa sababu hiyo, usishangae ukiona mkebe ulioandikwa kwamba gramu 100 za konibifu zimetengenezwa kwa gramu 120 za nyama mbichi. Si uongo. Maji yamekwenda, nyama imebaki. Shirika la kimataifa la viwango vya vyakula, Codex, linataka konibifu ya mkebe iwe na protini isiyopungua asilimia 21.

TUZILINGANISHE

Hizi ni tarakimu za kawaida kwa kila gramu 100, yaani kipande kinachotoshana na karibu theluthi moja ya mkebe wa gramu 340. Pakiti utakayonunua inaweza kutofautiana kidogo, kwa hivyo isome.

Hotidogi ya nyama ya ng'ombe ina protini kama gramu 11, mafuta gramu 29, na chumvi gramu 2.7.

Lanchoni ya nguruwe ina protini kama gramu 13, mafuta gramu 28, na chumvi gramu 3.5.

Konibifu ina protini kama gramu 27, mafuta gramu 15, na chumvi gramu 2.3.

Unaona, msomaji, kwamba hotidogi na lanchoni zina mafuta mengi kuliko protini, zaidi ya maradufu. Konibifu ni kinyume chake. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyo na chumvi kidogo.

HESABU YA NYAMA

Sasa tufike kwenye swali letu: nyama hasa ni kiasi gani? Nyama mbichi isiyo na mafuta ina protini karibu sehemu moja katika kila tano. Basi ukichukua protini iliyoandikwa kwenye pakiti na kuizidisha mara tano, utapata kadirio la minofu mibichi iliyotumika.

Chukua hotidogi. Protini 11 mara 5 ni 55. Hivyo katika gramu 100 kuna minofu ya takriban gramu 55. Ongeza mafuta gramu 29, unafika 84. Gramu 16 zilizosalia ni maji ya kuongezwa, chumvi, wanga na viungo. Lanchoni ukiifanyia vivyo hivyo utapata minofu kama gramu 65, mafuta 28, na zilizobaki ni chumvi, wanga na maji. Konibifu: 27 mara 5 ni 135, yaani minofu mibichi inayozidi uzito wa kilichomo mkebeni, kama tulivyoeleza.

Hesabu hii ina mipaka yake. Protini ya soya nayo huhesabiwa pamoja na ya nyama, na vilevile protini ya ngozi na mishipa migumu. Kwa hiyo ukiona soya miongoni mwa vitu vitatu au vinne vya kwanza katika orodha, jua kwamba jibu lako litakuwa kubwa kuliko nyama iliyopo. Vitu huorodheshwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Maji yakiwa ya pili, ni ya pili kwa wingi.

Jihadhari pia na maandishi makubwa yasemayo "nyama asilimia 80." Katika nchi za Ulaya, kwa mfano, kanuni za maandishi ya pakiti huruhusu mafuta ya nguruwe kuhesabiwa kuwa nyama hadi kufikia asilimia 30. Asilimia 80 ya nyama si asilimia 80 ya minofu.

Ikiwa pakiti haina tarakimu, tumia macho. Weka mkebe wa konibifu kwenye friji usiku mmoja kabla ya kuufungua. Mafuta yataganda na kuwa meupe, nawe utaweza kuyaona na kuyakwangua. Kisha vuta nyama kwa uma: ikiwa ni nzuri itachambuka nyuzi nyuzi. Ikikatika kama jibini laini, imesagwa sana au imejazwa kitu kingine. Lanchoni nayo ikaange bila kutia mafuta na utazame kitakachobaki kikaangoni.

BEI YA PROTINI

Mama wa nyumbani atasema, lanchoni ni rahisi kuliko konibifu. Tupige hesabu kwa bei za mfano tu. Tuseme mkebe wa lanchoni wa gramu 340 ni shilingi 400, na wa konibifu wa uzito huo huo ni shilingi 600. Mkebe wa lanchoni una protini kama gramu 44. Ukigawanya 400 kwa 44, kila gramu ya protini umeinunua kwa shilingi 9. Mkebe wa konibifu una protini kama gramu 92, hivyo kila gramu ni shilingi 6.50. Mkebe uliokuwa rahisi umegeuka kuwa ghali. Weka bei za dukani kwako katika hesabu hiyo hiyo, na ulinganishe pia na mayai, maharagwe na nyama ya buchari kabla ya kuamua.

CHUMVI NDILO TATIZO KUBWA

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe chumvi gramu 5 kwa siku nzima, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Hapo huhesabiwa chumvi yote: ya ugali wa mboga, ya mkate na ya mchuzi.

Mkebe mzima wa lanchoni wa gramu 340 una chumvi kama gramu 12. Mtu akila robo yake tu na mkate asubuhi, amekwisha tumia gramu 3, na bado hajala chakula cha mchana. Hotidogi mbili ndogo, za gramu 45 kila moja, zina gramu 2.4 kabla hujahesabu mkate na sosi ya nyanya. Mtoto, ambaye mwili wake ni mdogo na anayestahili chumvi kidogo kuliko mzazi wake, hufika kikomo chake haraka zaidi.

Pakiti nyingi haziandiki chumvi bali sodiamu, kwa miligramu. Izidishe kwa 2.5 upate chumvi. Sodiamu miligramu 900 ni chumvi miligramu 2,250, yaani gramu 2 na robo.

Chumvi ya konibifu inaweza kupunguzwa. Ikatekate, ichemshe kwa muda mfupi katika maji mengi, kisha uyamwage maji hayo. Haitaisha yote, lakini utapunguza chumvi na mafuta pia. Baadaye ipike pamoja na kabichi, viazi au sukuma wiki bila kuongeza chumvi wala unga wa mchuzi wa dukani, kwa kuwa unga huo una chumvi nyingi. Mkebe mmoja uliochanganywa na mboga nyingi unaweza kuwatosha watu sita, na kila mmoja akapata chumvi kidogo zaidi ya gramu moja kutoka kwa nyama, hata kama hukuichemsha.

Hotidogi na lanchoni hazikubali njia hiyo vizuri, kwa kuwa chumvi imefungwa ndani ya ule uji ulioganda. Kwa hizo, njia ni kupunguza kipande na kula mara chache.

NAITRAITI NA SARATANI

Katika orodha za vyakula vyote vitatu utakuta naitraiti ya sodiamu, au namba yake E250. Hii ndiyo inayofanya nyama ibaki na rangi ya waridi. Bila hiyo, nyama iliyopikwa ingekuwa ya kijivu. Kazi yake kubwa zaidi ni kukizuia kijidudu kinacholeta sumu ya botulizimu, ambayo inaweza kuua. Kwa hiyo viwanda haviitii kwa ajili ya urembo peke yake.

Upande wa pili ni kwamba naitraiti ikikutana na protini tumboni, au katika kikaango chenye moto mkali, inaweza kutoa kemikali zinazosababisha saratani. Mwezi Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka nyama zote za aina hii katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani ya utumbo mpana. Wataalamu hao walikadiria kwamba kula gramu 50 kila siku, ambazo ni karibu hotidogi moja, huongeza hatari hiyo kwa asilimia 18.

Tusiielewe vibaya tarakimu hiyo. Haina maana kwamba watu 18 katika kila 100 watapata saratani. Tuseme katika watu 100, watano wangeipata ugonjwa huo maishani mwao. Ikiwa wote 100 wangekula hotidogi kila siku, wangekuwa karibu sita. Tena hapa konibifu haina nafuu yoyote. Wingi wa nyama yake hauiondoi katika kundi hilo.

TUNUNUE IPI?

Ikiwa ni lazima uchague moja kati ya tatu, konibifu ndiyo inayokupa nyama zaidi, mafuta machache zaidi, na hata chumvi pungufu kidogo. Lanchoni inaifuata kwa nyama lakini ndiyo inayoongoza kwa chumvi. Hotidogi ina nyama kidogo kuliko zote.

Lakini mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo asione kwamba konibifu ni ruhusa. Kwake yeye, nusu kilo ya nyama ya buchari iliyochemshwa nyumbani na kutiwa chumvi kwa kipimo itakuwa afadhali kuliko mkebe wowote. Na kwa sisi wengine, mkebe ubaki kabatini kwa siku ambayo umeme umepotea, wageni wamefika bila taarifa na buchari limefungwa. Siku hiyo, geuza mkebe na usome upande wa nyuma kwanza: kitu kilichotajwa mwanzo, protini, mafuta na sodiamu. Ni mambo manne tu, na hayachukui hata dakika moja.